Pikipiki ina bima, abiria kavunjika mguu, kampuni imekataa kulipa

*Mshauri, salaam. Mimi ni mpishi katika hoteli moja hapa Watamu. Nina Boxer niliyoinunua 2023 nikaikatia thadi pati ya pikipiki binafsi, maana ilikuwa ya kunipeleka kazini na kunirudisha. Katikati ya 2024 hoteli ilitupunguzia siku za kazi, nikaanza kubeba abiria jioni kutoka steji ya Gede. Bima naihuisha kila Januari: namtumia ajenti pesa, cheti kinaingia kwenye simu. Agosti 2025 nilikuwa nimembeba mama mmoja muuza samaki, nikateleza kwenye mchanga pale konani, nikamgonga kijana wa baiskeli. Mama alivunjika mguu, kijana aliteguka kifundo cha mkono. Kampuni ilimtuma mpelelezi, kisha ikaniandikia kwamba pikipiki ilikuwa inabeba abiria kwa malipo, kwa hivyo wao hawahusiki. Malipo yenyewe ni 150 ya M-Pesa! Wenzangu stejini wananishauri niandike upya kwamba yule mama ni shangazi yangu. Je, kampuni ina haki kunifanyia hivi? Nani atamlipa mama? Na nikitaka kuendelea kubeba watu, nikate bima gani?*

*Mpishi, Watamu*

Ndugu yangu mpishi, pole kwa ajali, na mama naye umfikishie pole zangu.

Nianze na hilo la shangazi, kwa sababu ndilo linaloweza kukupeleka ndani. Nilikaa miaka 11 kwenye dawati la madai Mombasa, na nakwambia mpelelezi wa bima haanzi kwako. Anaanza polisi, akasome kilichoandikwa kwenye OB usiku ule na nani katajwa kuwa abiria. Kutoka hapo anakwenda hospitali, amkute majeruhi angali kitandani, hajakutana na mshauri yeyote wa steji, amwambie wazi: "Nilipanda Gede, nikamlipa 150." Kisha anapita stejini, anasimama kama mtu anayetafuta usafiri, anauliza yule mpishi mwenye Boxer huwa anakuja saa ngapi. Wewe unakuwa wa mwisho. Anapokuuliza swali anakuwa na jibu mfukoni; anachotaka ni kuona utasema nini.

Nakumbuka faili moja ambalo dereva alishikilia kwamba abiria ni shemeji yake. Mpelelezi akamuuliza abiria swali moja tu: mke wa huyu bwana anaitwa nani? Abiria akanyamaza. Ubishi wa bima ukawa umegeuka jambo la polisi, maana kutia sahihi maelezo ya uongo ili kampuni itoe pesa ni jinai. Wewe hadi sasa huna jinai ya uongo. Usijitafutie.

Sasa tazama hati yako ya bima. Si cheti kilicho kwenye simu, bali hati yenyewe yenye kurasa, ambayo ajenti alitakiwa akupe na wateja wengi hawajawahi kuiona. Kama huna, iombe. Ni haki yako. Karibu na mwanzo kuna ukurasa wenye jina lako, namba ya pikipiki, tarehe za kuanza na kwisha, na chini yake sehemu ya mipaka ya matumizi. Kwa pikipiki binafsi maneno yake hufanana karibu kampuni zote: pikipiki itumike kwa mambo ya nyumbani, ya kijamii na ya starehe, na kwa shughuli za mwenye bima mwenyewe. Mstari unaofuata unasema bima haihusu kukodisha, kubeba abiria kwa malipo, mashindano na kadhalika. Kampuni imesimama juu ya mstari huo, na huo mstari hawakuutunga baada ya ajali yako.

Kwa nini upo? Fuata hesabu ya barabara yako mwenyewe. Kutoka Gede hadi Watamu ni kama kilomita 6. Ukienda kazini na kurudi, siku nzima pikipiki imetembea kilomita 12, ukiwa peke yako, kwenye njia unayoijua, bila mtu wa kukuharakisha. Jioni moja ya kubeba watu, ukipata abiria wanane na kurudi mtupu kila mara, umekwenda kilomita 96. Na si kilomita za namna moja. Hizi ni za giza, za haraka, za kuwahi abiria mwingine kabla mwenzako hajamchukua, na kila safari kuna mwili wa mtu mwingine nyuma yako ambao ukianguka nao unaanguka. Ada ya pikipiki binafsi ilipangwa kwa ajili ya zile kilomita 12. Ndani yake hakuna hata senti iliyowekwa kando kwa mguu wa abiria anayelipa. Kampuni ikilipa madai ya bodaboda kutoka kwenye mfuko wa pikipiki binafsi, wanaolipa kwa kweli ni walimu na wauguzi wanaopanda zao kwenda kazini tu.

Kuhusu udogo wa 150: kiasi hakiangaliwi. Kinachoangaliwa ni kwamba ulikuwa umejiweka tayari kumbeba mtu yeyote atakayelipa. Jirani akipanda nawe asubuhi mkielekea kazini pamoja, akachangia mafuta bila wewe kubaki na faida, hilo ni jambo la kujadiliwa, na hati nyingi hulivumilia. Lakini mtu usiyemjua, steji, nauli inayofahamika, na ujumbe wa M-Pesa wenye saa na dakika, hapo mjadala hauna pa kuanzia. Taarifa yako ya M-Pesa ya miezi sita ingeonyesha 100, 150, 100, 200 kila jioni kati ya saa kumi na mbili na saa nne. Nimeziona nyingi. Zinasomeka kama daftari la duka.

Hapa kuna jambo ambalo mawakala hawalielezi, nami naomba usilipite haraka. Kampuni inaweza kukataa kwa njia mbili tofauti, na lazima ujue barua yako imetumia ipi.

Njia ya kwanza ni kusema: bima yako ni nzima, ila safari ile ilikuwa nje ya mipaka. Yaani saa moja jioni, mama akiwa nyuma, hukuwa na bima. Saa tatu, ukirudi nyumbani peke yako, ulikuwa nayo. Bima inazimika na kuwaka kama taa kulingana na unachofanya. Njia hii haikurudishii ada, kwa sababu muda mwingine wote kampuni ilikuwa imekubeba.

Njia ya pili ni nzito zaidi. Inasema mkataba wenyewe ulipatikana kwa kuficha jambo ambalo wangelijua wasingekubali, au wangetoza zaidi, na kwa hiyo wanauchukulia kana kwamba haukuwahi kuwepo. Unapojaza fomu ya maombi kuna swali la matumizi, na wewe 2023 ulijibu kwa ukweli: binafsi. Hukudanganya. Tatizo limeingia Januari 2025. Kuhuisha bima si kuongeza siku kwenye mkataba wa zamani, ni kuingia mkataba mpya, na wajibu wa kueleza yaliyobadilika unarudi upya hata kama hakuna fomu iliyoletwa mbele yako. Wakati huo ulikuwa na miezi kadhaa unabeba watu. Ulituma pesa, ukanyamaza, cheti kikaja kimeandikwa pikipiki binafsi.

Kwa ulivyonukuu, barua yako inaelekea kuwa ya njia ya kwanza. Isome tena. Kama inasema wanaubatilisha mkataba tangu mwanzo, waulize kwa maandishi kuhusu ada yako, kwa kuwa mkataba ukifutwa wote na hakuna udanganyifu wa makusudi, kwa kawaida ada hurudishwa. Hawawezi kula huku na huku.

Na ajenti je? Kama alijua unabeba abiria, akakwambia "chukua ya binafsi, ni nafuu", una cha kusema, hasa kama mazungumzo hayo yamo kwenye WhatsApp. Tafuta ujumbe wa Januari usiku huu huu kabla simu haijapotea. Kama hakujua, usimsingizie. Ukiwa na ushahidi, au ukiona kampuni haikujibu ipasavyo, andika malalamiko kwa Mamlaka ya Kudhibiti Bima, IRA, ukiambatisha barua yao, hati na ujumbe huo. Kupeleka malalamiko si lazima uwe na wakili. Lakini nisikupe matumaini ya bure: kwa mambo yalivyo kwenye barua yako, kampuni imesimama mahali pagumu kuwang'oa.

Twende kwa mama, ambaye kwangu ndiye mwenye shida kubwa kuliko wewe.

Sheria inayotulazimisha sote kuwa na thadi pati Kenya ni Sura 405. Watu wengi hudhani thadi pati inamlinda kila mtu isipokuwa dereva. Sivyo. Kifungu cha 5 kinataka bima ilipe kifo au majeraha ya watu wengine, kisha kinawatoa wale waliopanda chombo chenyewe, isipokuwa kama chombo hicho kinabeba abiria kwa malipo. Soma tena taratibu uone mtego ulipo. Pikipiki binafsi hailazimiki kuwa na bima ya mtu aliyekaa nyuma. Pikipiki ya abiria inalazimika. Wewe ulikuwa unafanya kazi ya ile ya pili ukiwa na karatasi ya ile ya kwanza, kwa hiyo mama alikaa kwenye kiti ambacho sheria ilitaka kiwe na bima na hakikuwa nayo.

Hali ya kijana wa baiskeli inatofautiana kidogo. Yeye ni mtu wa barabarani, na kwa watu kama yeye sheria imeiziba kampuni midomo kwenye visingizio kadhaa: haiwezi kumkatalia kwa sababu ya umri wa dereva, ubovu wa chombo, idadi ya waliopanda, uzito wa mzigo, au saa na eneo la safari. Hata hivyo, aina ya matumizi haimo kwenye orodha hiyo. Ndiyo maana wanathubutu kumkatalia hata yeye. Wakili wake anaweza kubishana nao mahakamani chini ya kifungu cha 10, ambacho kinaitaka kampuni ilipe hukumu ya mtu wa tatu hata kama ina ugomvi na mteja wake, lakini kifungu hicho nacho kinazungumzia dhima iliyo ndani ya masharti ya hati. Na wakishinda wao upande wa kijana, kampuni ikalipa, inaweza kukugeukia wewe ikudai ilichotoa. Ama baiskeli yake iliyopinda, Sura 405 inashughulikia miili ya watu tu; mali si lazima.

Kwa ufupi wa maneno, wewe ndiwe bima ya mama sasa. Ana miaka mitatu tangu siku ya ajali kufungua kesi, kwa hiyo usihesabu ukimya wake kuwa msamaha. Akishinda na usilipe, kinachokamatwa ni mali yako, na Boxer ndiyo ya kwanza kuonekana.

Kwa hiyo fanya hivi. Nenda ukamwone, na uende na mtu mzima mnayemheshimiana, mzee wa mtaa au imamu au mchungaji wenu. Ukimsaidia kulipa hospitali, lipa moja kwa moja kwa hospitali au kwa M-Pesa, uweke risiti zote, kwa kuwa mahakama ikija kupima hasara yake ya matibabu, ulichokwisha kulipa kihesabiwe. Mkielewana jumla, iandikwe: tarehe ya ajali, kiasi, kwamba ni malipo ya madai yote yatokanayo na ajali hiyo, sahihi za pande zote na mashahidi wawili. Msikimbilie kuiandika kabla daktari hajasema mguu umepona au utabaki na ulemavu, la sivyo mama ataona amepunjwa, na karatasi iliyomnyonya mtu mgonjwa haina nguvu mbele ya hakimu. Na ukiletewa samansi, usiiweke chini ya godoro. Ina idadi ya siku za kujibu, aghalabu 15. Siku hiyo hiyo peleka nakala kwa kampuni ya bima, upigiwe muhuri wa kupokelewa, hata kama walishakataa. Ukikaa kimya hukumu inatoka bila wewe, na kampuni inapata sababu ya pili ya kukukana.

Sasa bima ya kubebea watu.

Usiombe "thadi pati" ukaishia hapo, kwa sababu hilo ndilo neno lililokuponza. Sema: nataka bima ya pikipiki ya abiria, ya biashara, na ninataka dhima kwa abiria iwemo. Hayo ni mambo mawili. Aina ya biashara ndiyo inayofungua mlango wa kubeba kwa malipo. Dhima kwa abiria, ambayo mawakala huiita PLL, ndiyo inayomlipa mtu aliyekaa nyuma. Mara nyingi huongezwa kama kiasi kidogo kwa kila kiti cha abiria, na pikipiki ina kiti kimoja. Usikubali kuambiwa "imo tu". Ionekane imeandikwa.

Nikupe mfano wa ankara ili isikutishe. Tuseme kampuni imekutajia ada ya msingi ya mwaka 4,500, na dhima kwa abiria mmoja 500. Jumla 5,000. Juu yake kuna tozo ya mafunzo asilimia 0.2 na ya mfuko wa kuwafidia wenye bima asilimia 0.25, yaani shilingi 10 na shilingi 12.50, kisha ushuru wa stempu shilingi 40. Unalipa 5,062 na senti 50. Ada yenyewe itatofautiana kampuni kwa kampuni, lakini zile tozo hazibuniwi na ajenti. Akikuongezea "ada ya mfumo" au "ya stika", muulize imeandikwa wapi kwenye ankara.

Kuna pia za mwezi mmoja mmoja, na bodaboda wengi huzipenda kwa kuwa hela ya mwaka mzima haipatikani kwa pigo moja. Jumla yake kwa mwaka huwa kubwa zaidi, lakini si hilo linalonihofisha. Linalonihofisha ni pengo. Cheti cha mwezi kinakwisha usiku fulani, asubuhi mteja anakuita, unasema nitalipa nikipata ya kwanza. Ajali haisubiri ya kwanza. Madai mengi ya pikipiki tuliyoyarudisha pale dawatini yalikuwa ya siku moja au mbili baada ya kwisha, si ya miezi. Ukichukua ya mwezi, weka kengele kwenye simu siku tatu kabla, na kila jioni tupa shilingi 20 kando.

Bima hiyo italipa nini? Majeraha au kifo cha mtu uliyemgonga, na cha abiria wako, pale ambapo kosa ni lako, hadi shilingi milioni 3 kwa mtu mmoja, ambayo ndiyo kikomo cha Sura 405. Hukumu ikizidi hapo, ziada ni yako. Haikulipi wewe. Ungevunjika wewe ule mguu, thadi pati ya biashara isingekutolea hata pesa ya panadoli. Kwa hilo kuna bima ya ajali binafsi, inayoambatishwa pembeni, yenye kiasi cha kifo, cha ulemavu na cha matibabu. Wewe mkono ndio unaoshika mwiko na ndio unaoshika usukani. Ningekuwa wewe ningeichukua kabla ya kufikiria bima kamili. Na thadi pati haikulipii pikipiki ikiibwa au kupondeka. Hiyo ni kazi ya bima kamili, ambayo anayenunua kwa mkopo hulazimishwa na mkopeshaji kuwa nayo, na ambayo kila dai huwa na sehemu ya mwanzo unayoibeba mwenyewe.

Kuna masharti, na hapa ndipo wengi wenye cheti sahihi huanguka. La kwanza ni leseni. Nina hakika ya kiasi kwamba yako ni A2, kwa sababu ndiyo anayopewa mtu wa pikipiki ya kawaida. Bodaboda na wabeba vifurushi ni A3, na umri wake unaanzia miaka 21. Kampuni itakuuzia bima ya abiria bila kukagua leseni, kisha itaiomba siku ya madai. Badilisha leseni kwanza, bima baadaye, kubeba watu mwisho.

Abiria ni mmoja. Mishikaki ya mama na watoto wawili jioni ya soko ninaielewa, lakini umenunua kiti kimoja, na kanuni zinaruhusu mtu mmoja. Helmeti ziwe mbili, na koti la kuakisi mwanga liwe mwilini, si kwenye tangi.

Kisha umiliki. Angalia jina lililo kwenye rekodi ya NTSA. Boxer yako uliinunua mpya au kwa mtu? Kama bado imeandikwa jina la aliyekuuzia, unalipa bima ya chombo ambacho kwenye karatasi si chako, na siku ya dai kila mtu ataanza kumtafuta mtu aliyehamia Garsen. Na kama siku za zamu hotelini utampa kijana mwingine aendeshe umpangie hesabu ya jioni, uliza kabla: hati inamruhusu dereva yeyote mwenye leseni kwa idhini yako, au inataka majina? Ikitaka majina, jina lake liandikwe. Yeye naye awe na A3.

Jambo moja la mwisho, kwa sababu najua Watamu na najua wapishi. Mwenzako wa hotelini akikuomba uwapelekee wageni chakula kwenye nyumba zao kwa malipo, hiyo ni mizigo, wala si abiria, na baadhi ya kampuni huitenga na bima ya kubeba watu. Cheti cha abiria hakikubebei pilau moja kwa moja. Mwambie ajenti unafanya yote mawili, akuandikie kwenye WhatsApp kwamba yote mawili yamo, halafu usubiri cheti kipya kiingie kwenye simu na usome mstari wa matumizi ukiwa bado umekaa naye. Kama umeandikwa "binafsi", mrudishie simu palepale.